Barua kwa Mpishi wa Shule
"Shikamoo mama. Mwanangu wa darasa la kwanza hurudi nyumbani na njaa, ingawa sahani unamjazia. Akiona mlima wa ugali hukata tamaa, hunywa maji, tumbo likajaa. Naomba umpakulie ugali wa ukubwa wa ngumi yake na upawa mmoja wa maharage mazito, mchuzi kidogo tu. Akimaliza akataka tena, mwongeze, akikataa, usimlazimishe."

Barua ya namna hii humsaidia mpishi kuliko lawama. Ngumi ya mtoto ni kipimo kizuri kwa kuwa hukua pamoja naye. Maharage ndiyo yenye protini, hivyo yasipunguzwe kama ugali. Mzazi naye ampime mtoto uzito kila mwezi. Ukishuka, ampeleke kituo cha afya.