Bustani juu ya paa inavyopunguza joto chumbani

Mzazi unayeishi ghorofa ya juu kabisa unajua: jua limeshazama, lakini dari bado linatoa joto na mtoto analala shuka limelowa jasho. Joto hilo huua. Julai 1995, zaidi ya watu 700 walikufa kwa joto kali mjini Chicago, Marekani, ndani ya siku chache. Watafiti walibaini kuwa waliokuwa wakiishi ghorofa za juu kabisa walikuwa hatarini zaidi.

Miaka michache baadaye jiji hilo lilipanda bustani juu ya paa la makao yake makuu. Jengo ni moja, ila nusu yake ni ya jiji na nusu ni ya kaunti, ambayo wakati huo ilibaki na lami nyeusi. Mchana mmoja wa Agosti 2001, lami ilipimwa nyuzi joto 76 za Selsiasi. Upande wenye mimea ulikuwa kati ya 33 na 48.

Ukitazama kutoka maghorofa ya jirani unaona nyasi zikipepea na mabaka ya kijani, njano na wekundu. Wekundu huo mara nyingi ni wa sedamu, mmea mfupi wenye majani manene yanayotunza maji. Hubadilika rangi wakati wa ukame au baridi, na si ugonjwa. Udongo na majani hupoza kwa kutoa mvuke, kwa hiyo bustani iliyokauka kabisa hupoza kidogo tu.

Paa la aina hii hujengwa kwa matabaka. Juu ya zege huwekwa utando wa kuzuia maji, kisha kizuizi cha mizizi. Hufuata tabaka la kupitishia maji, kitambaa cha kuchuja, na mwisho udongo mwepesi, ambao kwa sedamu sentimita 10 zinatosha. Pembezoni na kuzunguka matundu ya kutolea maji huachwa mkanda wa kokoto usiopandwa kitu.

Mkanda huo ndio wa kuukagua. Majani yakiziba tundu, maji hutuama, mbu huzaliana, na mashina ya sedamu huoza, yakawa meusi na laini ukiyabonyeza. Ukikuta maji yamesimama kwenye kokoto siku mbili baada ya mvua, tundu limeziba. Lifunuliwe na kusafishwa kabla dari la chini halijaanza kuonyesha madoa ya unyevu, kwa sababu kutafuta tundu la kuvuja chini ya udongo ni kazi ya kufukua bustani nzima. Ndiyo maana mafundi makini huufurika utando maji kwa siku nzima kabla ya kumwaga udongo.

Na uzito? Sentimita hizo 10 zikilowa huweza kupita kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Mhandisi apige hesabu ya zege kwanza; paa la kawaida la bati halibebi mzigo huo.