Kileo kinachobaki kwenye bia isiyo na kileo

Bia nyingi zinazouzwa kama zisizo na kileo huanza maisha yake kama bia kamili. Kimea hupikwa, hamira hutiwa, mchuzi huchachuka kwa siku kadhaa, na mwishoni tangi huwa na bia yenye kileo cha asilimia 5 hivi. Hapo ndipo kazi ya kukitoa inapoanza. Mvinyo usio na kileo hupitia njia hiyohiyo, ila wenyewe huanzia asilimia 12 au 13, kwa hiyo mzigo wake ni mkubwa zaidi. Ugumu wa kazi hii uko mwishoni, kwenye kile kidogo kinachobakia, na chanzo chake ni kwamba harufu nzuri ya kinywaji husafiri pamoja na kileo.

Watu wengi hudhani dawa ni kuchemsha tu, kwa kuwa kileo huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100. Wanaona kwamba ukifika 78 na kusubiri, kileo kitakwisha. Sivyo inavyokuwa. Kileo na maji hushikana, na mvuke unaopanda huwa na vyote viwili. Kileo kikishapungua chunguni, mvuke nao hubeba kidogo zaidi kila dakika. Majedwali ya Idara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba chakula kilichotiwa mvinyo na kuchemka polepole kwa nusu saa bado kina kama asilimia 35 ya kileo kilichotiwa. Baada ya saa nzima hubaki robo. Kwa hiyo aliyekula mchuzi wa nyama uliopikwa kwa mvinyo asiambiwe kwamba kileo "kimeungua chote".

Viwandani huchemsha pia, ila ndani ya mtambo ulionyonywa hewa. Hewa ikipungua hadi sehemu moja ya kumi ya kawaida, bia huchemka kwenye nyuzi 40 na kitu, na hivyo haipati ladha ya kitu kilichopikwa mara mbili. Tatizo ni kwamba vitu vinavyoipa bia harufu ya matunda, kikiwamo kile kinachonukia kama ndizi mbivu, ni vyepesi kupeperuka kuliko kileo na hutangulia kutoka. Ukiviacha viende, unabaki na maji ya kimea yaliyopooza. Kwa sababu hiyo, kwenye mvinyo hutumika mnara wenye koni zinazozunguka, na mvinyo hupitishwa humo mara mbili. Mara ya kwanza, kwa joto dogo la kama nyuzi 28, hukamatwa harufu peke yake na kuwekwa pembeni. Mara ya pili, kwa joto la juu kidogo, hutolewa kileo. Kisha harufu hurudishwa.

Harufu hiyo iliyokamatwa, hata hivyo, huja ikiwa imeyeyuka ndani ya kileo. Tuseme umetoa lita 10 za harufu kutoka kwenye lita 1,000 za mvinyo, na nusu ya hizo lita 10 ni kileo. Ukizirudisha zote, umerudisha lita 5 za kileo, yaani asilimia 0.5 ya tangi zima, hata kama mvinyo wenyewe ulikuwa umesafishwa kabisa. Mtengenezaji anayetaka sifuri hulazimika kurudisha harufu pungufu, au kutafuta harufu mahali pengine.

Njia ya pili haitumii joto la kuchemsha. Bia husukumwa kwa nguvu kubwa dhidi ya utando wenye vitundu vidogo mno. Maji na kileo hupenya. Rangi, protini, uchungu wa hopsi na sukari hubaki. Maji safi yasiyo na oksijeni hutiwa kufidia yaliyotoka. Ni kama kusuuza povu la sabuni kwenye nguo: kila maji mapya huondoa sehemu ya kilichobaki, si kilichobaki chote.

Chukua tangi la lita 1,000 za bia ya asilimia 5. Lina lita 50 za kileo. Tuseme kileo kinapenya utando kwa urahisi sawa na maji, na maji mapya yanaingia kwa kasi ileile ya yanayotoka. Lita 1,000 za kwanza zikishapita, bia imeshuka hadi kama asilimia 1.8. Ili ifike 0.5 zinahitajika lita 2,300 kwa jumla. Ukitaka ifike 0.05, lazima upitishe lita 2,300 nyingine. Yaani lita 45 za mwanzo za kileo na zile lita nne na nusu zinazofuata zinagharimu maji sawasawa. Kiwandani hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa utando nao hukizuia kileo kidogo, na kila lita inayopita huondoka na chembe ndogo za harufu.

Wapo wanaokwepa kazi hiyo yote kwa kutokitengeneza kileo tangu mwanzo. Hutumia hamira kama Saccharomycodes ludwigii, isiyoweza kula maltosi, ambayo ndiyo sukari kuu ya kimea. Hula sukari chache nyepesi, hutoa kileo kidogo, kisha husimama. Bia ya namna hii utaijua kwa utamu wake wa uji wa kimea. Lakini ile sukari iliyoachwa ni hatari: hamira ya mwituni ikiingia, uchachukaji huanza upya ndani ya chupa na kileo hupanda. Isitoshe, kileo ni mojawapo ya vizuizi vya vijidudu, na kikiondolewa bakteria wa kuharisha wanaweza kuishi ndani ya kinywaji. Ndiyo maana chupa na makopo hupashwa joto la kuua vijidudu, na asidi hulindwa isipungue. Chupa iliyovimba kizibo au inayofoka kupita kiasi, imwage.

Nyumbani huwezi kupima kiasi kilichobaki. Kile kipimo cha kioo kinachoelea husoma uzito wa kinywaji, na sukari iliyobaki humeza alama ya kileo kidogo namna hiyo. Maabara hutenga kwanza kileo kwa mvuke kutoka kwenye sampuli ndipo hupima, au hutumia kromatografia ya gesi.

Sasa chupa yenyewe. Ujerumani huruhusu bia yenye hadi asilimia 0.5 kuitwa isiyo na kileo, na Marekani hutaka iwe chini ya 0.5. Nchini Uingereza, kwa mwongozo wa 2018, jina hilo ni la 0.05 kushuka chini. Hata maandishi ya 0.0% huweza kuwa namba iliyofupishwa, na chochote kisichofika 0.05 kikahesabiwa sifuri.

Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 0.5 ina gramu 1.3 za kileo. Ya bia ya asilimia 5 ina gramu 13. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 kwa saa, kwa hiyo kileo cha chupa ile hutoka mwilini ndani ya dakika kumi na kitu. Kulewa kwayo ni jambo la kusahau. Hata ndizi iliyoiva sana ina kileo kidogo.

Lakini si kila anayeuliza anaogopa kulewa. Anayetumia disulfiramu ili kuacha pombe asiguse hata bia hizi bila kumuuliza daktari wake. Mjamzito naye, kwa kuwa hakuna kiwango cha kileo kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto tumboni, ni vyema aziepuke zenye 0.5. Na anayejizuia kwa ajili ya dini asitosheke na namba. Aulize kama kinywaji kilichachushwa kisha kikatolewa kileo, au hakikuchachushwa kamwe. Vinywaji vya kimea visivyochachushwa vipo madukani, na hivyo ndivyo vya kwake.