Bei ya unga ikipanda, nini hasa kinapungua?

Tumezoea kusema kwamba bei ikipanda watu hununua kidogo, na kwa hiyo mstari wa mahitaji hushuka. Ni kweli mara nyingi, lakini ndani yake mna sababu mbili, na moja tu ndiyo isiyoyumba.

Tuchukue kaya yenye shilingi 12,000 za chakula kwa wiki. Kilo ya unga wa mahindi ni shilingi 1,500. Wananunua kilo 4, na shilingi 6,000 zinazobaki zinakwenda kwenye muhogo, maharage na dagaa. Unga ukifika 2,000, kikapu kilekile kinahitaji 14,000.

Tuseme parokia inawapa shilingi 2,000 kamili. Sasa wanaweza kula kama wiki iliyopita. Uwezo wao haujapungua. Hata hivyo kila kilo ya unga inawanyima muhogo wa shilingi 2,000, si 1,500 tena. Tuseme wanachukua kilo 3 na nusu. Ile nusu iliyopungua ndiyo athari ya ubadilishaji, ambayo Eugen Slutsky aliitenganisha kihesabu mwaka 1915.

Athari hii haiwezi kwenda kinyume. Wangechukua kilo 5, unga ungekula 10,000, zikabaki 4,000 za vyakula vingine. Kikapu hicho kwa bei ya zamani kingegharimu 11,500. Maana yake walikimudu, wakakiacha. Kama ladha yao haijabadilika, hawana sababu ya kukitaka leo.

Sasa tuziondoe zile 2,000. Kinachofuata ni athari ya kipato. Kwa bidhaa nyingi, aliyepungukiwa hupunguza tena: wanashuka, tuseme, hadi kilo 3. Kwa chumvi, inayokula senti chache za bajeti, athari hii haionekani kabisa.

Lakini unga ni chakula cha kujaza tumbo. Aliyebanwa huacha dagaa kwanza, akaongeza ugali. Hapo athari ya kipato inavuta upande wa pili. Kaya ikirudi kilo 3.8, mstari bado unashuka, ikifika 4.2, unapanda, ingawa athari ya ubadilishaji ni ileile.

Si hadithi ya kitabuni tu. Mwaka 2008 Robert Jensen na Nolan Miller walichapisha jaribio la jimbo la Hunan, China, ambako kaya maskini zilipewa vocha za kushusha bei ya mchele. Zikala mchele kidogo zaidi, kwa sababu nafuu ile iliwawezesha kununua vitoweo. Kwa mafukara kabisa hali haikuwa hiyo. Mlo wao ulikuwa karibu mchele mtupu, na bei ilipopanda hawakuwa na kitoweo cha kuacha.