Mtoto anajua namna gani neno lililofutwa?

Katika madaftari ya watoto wetu, Butembo na Beni, mnakuta mara nyingi zoezi lenye mistari mitupu: mwalimu ameandika habari, kisha ameondoa maneno fulani, naye mtoto anatakiwa kuyajaza. Daftari likirudi nyumbani na alama 2 juu ya 6, mzazi anahesabu makosa na kusema mtoto hajui kusoma. Sisi walimu tunawaomba msihesabu tu. Someni neno ambalo mtoto ameandika, maana ndilo linaloonyesha alikolitafuta.

Zoezi hili ni la zamani. Mwaka 1897 Hermann Ebbinghaus, mtaalamu wa Ujerumani, alilitumia kwa wanafunzi wa mji wa Breslau, kwa sababu wakubwa wa mji walitaka kujua kama masomo marefu ya asubuhi yanawachosha watoto. Mwaka 1953 Wilson Taylor, Mwamerika, akaliwekea kanuni: futa kila neno la tano, bila kuchagua. Taylor hakutaka kupima watoto. Alitaka kupima maandishi, ajue kama habari iliyoandikwa ni rahisi au ngumu kwa wasomaji wake.

Tuchukue mfano. Sentensi ya kwanza na ya mwisho tunaziacha nzima, na katikati tunafuta kila neno la tano:

Siku ya soko mama alibeba maharagwe mpaka mjini. Njiani mvua kubwa ilianza (1)____. Mama hakuwa na mwavuli, (2)____ alifunika mfuko wake vizuri (3)____ turubai ili maharagwe yake (4)____. Alipofika sokoni alikuta wanunuzi (5)____ kwa sababu wengine walikimbia (6)____. Jioni alirudi nyumbani na nusu ya mfuko.

Maneno yaliyofutwa ni haya: kunyesha, lakini, kwa, yasilowe, wachache, mvua.

Nafasi ya 1 haimsumbui mtu. Mvua ikianza, inaanza kunyesha. Maneno hayo mawili mtoto ameyasikia pamoja tangu alipokuwa mgongoni. Nafasi ya 3 nayo inajazwa na sikio tu. Mtoto anaweza kuzipata zote mbili bila kufuata habari.

Nafasi ya 2 inataka zaidi. Aliyeandika "na" ameunganisha sentensi, lakini hakuona kwamba kuna mambo mawili yanayopingana: mwavuli hakuna, hata hivyo mfuko umefunikwa.

Nafasi ya 4 ndiyo ya kutazama vizuri. Mtoto mmoja ataandika "yasilowe", mwingine "yasiharibike", mwingine "yasimwagike". Hao wawili wa kwanza wamekumbuka mvua iliyotajwa nyuma. Wa tatu ameandika neno sahihi la Kiswahili, na sentensi yake ukiisoma peke yake haina kosa. Ila amesahau mvua. Alisoma sentensi moja moja, kila moja kama chumba chenye mlango uliofungwa.

Nafasi ya 5 inaonyesha jambo lingine. Wengi wanaandika "wengi", kwa sababu sokoni tumezoea kukuta watu wengi. Huko ni kutabiri kwa maisha yetu, si kwa maandishi. Anayeendelea mbele ataona kwamba wengine walikimbia, na kwamba mama alirudi na nusu ya mfuko. Ndipo anarudi, anafuta "wengi", anaandika "wachache". Mkiona kalamu ya mtoto imefuta na kuandika tena, msimgombeze kwa uchafu wa daftari. Mara nyingi huo ndio usomaji wenyewe: alikisia, akapima, akasahihisha.

Kuna kosa moja ambalo ni la kwetu hasa. Katika kitabu mtoto anakuta: "____ kimevunjika." Anaandika "sahani". Maana yake ni nzuri, sahani huvunjika. Lakini Kiswahili cha kitabu kimempa alama, ile "ki" ya mwanzo, inayomwambia atafute kikombe, kiti au kijiko. Kwa nini hakuiona? Kwa sababu sokoni na barabarani sisi wenyewe tunasema "kikombe imevunjika", na mtoto aliyezoea "i" kwa kila kitu hasikii kwamba "ki" inamwambia jambo. Huyo hana shida ya kuelewa. Anakosa alama moja tu ya njiani. Na mnaweza kumwonyesha kwa Kinande, maana huko anazifuata alama kama hizo bila kufikiri: kitabu kimoja ni ekitabu, vingi ni ebitabu, na maneno mengine ya sentensi yanabadilika pamoja nacho.

Sasa tuseme juu ya alama. Katika miaka ya 1960 John Bormuth, Mwamerika mwingine, alipima kwa Kiingereza, akihesabu tu neno lile lile lililofutwa. Aliona kwamba anayepata karibu 44 kwa mia anaweza kusoma maandishi hayo akisaidiwa na mwalimu, na anayefika karibu 57 anaweza kuyasoma peke yake. Kwa hesabu hiyo, hata nusu si aibu, maana hakuna anayetabiri kila neno la mwandishi. Lakini hesabu hiyo haitufai jinsi ilivyo. Neno moja la Kiswahili kama "yasilowe" limebeba mambo ambayo Kiingereza kinayagawa kwa maneno kadhaa, kwa hiyo kufuta neno letu moja ni kufuta mengi. Tena nafasi 6 ni chache mno; jaribio la kweli hutaka nafasi karibu 50, yaani habari ya maneno kama 250.

Zoezi hili lina mpaka pia. Mwaka 1982 Timothy Shanahan na wenzake walichanganya sentensi za habari, ya mwisho ikaja mbele, ya kati ikaenda nyuma. Wasomaji walijaza karibu sawasawa na mwanzo. Maana yake, nafasi nyingi zinajazwa kwa sentensi ile ile tu. Ndiyo sababu mtoto anaweza kupata alama nzuri bila kujua habari ilihusu nini. Baada ya kujaza, mwambieni afunge daftari na kuwasimulia.

Nyumbani mnaweza kufanya hivi. Nakilini habari fupi ambayo mtoto hajaisoma, mfute kila neno la tano, mwacheni aisome yote kwanza, kisha ajaze. Kwa kila jibu mwulizeni: "Umeona wapi?" Akionyesha kwa kidole neno la nyuma au la mbele, anasoma. Akisema "nimejua tu", alijaza kwa mazoea. Kisha mpeni habari ile ile kwa Kifaransa siku nyingine. Akijaza vizuri kwa Kiswahili na kushindwa kwa Kifaransa, akili yake inafuata habari. Anachokosa ni maneno ya Kifaransa, na kurudia darasa zima si dawa ya hilo.

Tena msisahau kusudi la Taylor. Kikundi chenu kikiandika tangazo la likelemba au la chanjo, futeni kila neno la tano, wapeni wamama watano ambao hawajaliona. Mmoja akishindwa nafasi fulani, msaidieni yeye. Wote watano wakishindwa hapo hapo, andikeni upya sentensi ile.