Dakika Nne Mara Nne kwa Mkimbiaji Aliyekomaa

Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika moja hupimwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito. Mtu anayeanza kukimbia hukiona kikipanda karibu kwa zoezi lolote. Kwa aliyekwisha kuzoea mbio, kilomita nyingi za mwendo wa pole hazikisogezi tena. Kinachomzuia kwa kawaida si mapafu bali moyo, yaani kiasi cha damu unachoweza kusukuma kwa kila pigo. Moyo huo hauna sababu ya kubadilika mpaka ulazimishwe kufanya kazi karibu na kikomo chake kwa muda wa kutosha.

Hapo ndipo dakika nne zinapopata maana. Mkimbiaji anapoongeza kasi, matumizi ya oksijeni hayafiki juu papo hapo. Huchukua dakika moja na nusu hadi mbili. Kipindi cha dakika moja huisha moyo ukiwa bado unapanda. Cha dakika nane kwa kasi ileile huwashinda wengi kabla hakijaisha. Dakika nne huacha kama mbili za kazi halisi karibu na kikomo, na zinaweza kurudiwa.

Utafiti uliolitangaza zaidi zoezi hili ulifanywa Trondheim, Norwei, na Jan Helgerud na wenzake, ukachapishwa mwaka 2007. Wanaume 40 wenye mazoezi ya wastani waligawanywa katika makundi manne, wakafanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, huku jumla ya kazi ikilinganishwa. Kundi la dakika nne mara nne lilipandisha kiwango chake kwa takriban asilimia 7, na damu inayosukumwa kwa pigo moja iliongezeka kwa karibu asilimia 10. Waliokimbia polepole au kwa kasi ya kati hawakupanda kwa kiasi cha maana. Ikumbukwe kwamba hawa hawakuwa mabingwa. Kadiri mtu alivyo juu, ndivyo nyongeza inavyokuwa ndogo.

Chukua mfano wa mkimbiaji anayemaliza kilomita 10 kwa dakika 38, ambaye mapigo yake ya juu kabisa ni 190 kwa dakika. Namba hiyo aipate kwa kukimbia kilima kwa nguvu zote baada ya kupasha mwili moto, si kwa kutoa umri wake kutoka 220, maana hesabu hiyo huweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi. Lengo ni asilimia 90 hadi 95, yaani mapigo 171 hadi 180. Hupasha mwili moto kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha hukimbia kila kipindi kwa takriban sekunde 88 kwa mzunguko wa mita 400. Katika dakika nne hufikia karibu mita 1,100, mizunguko miwili na robo tatu. Kati ya vipindi hujogi dakika tatu, mapigo yakishuka kuelekea 133; asisimame wala kuketi.

Kosa kubwa hutokea katika mzunguko wa kwanza. Moyo huchelewa, saa huonyesha 150, naye hukimbia kwa sekunde 80 ili kuupandisha haraka. Misuli hujaa asidi, kipindi cha tatu hupungua kasi, na cha nne huishia kuwa mateso yasiyo na faida, kwa sababu miguu imechoka kabla ya moyo kupata kazi yake. Zoezi lililoendeshwa vizuri lina umbali unaolingana katika vipindi vyote vinne, na mwishoni mkimbiaji angeweza kukimbia dakika moja zaidi. Mapigo yapimwe kwa mkanda wa kifuani, kwa kuwa saa ya mkononi mara nyingi hupotea kasi inapobadilika.

Sekunde 88 si sheria. Iten, kwenye mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na kasi ileile humgharimu moyo zaidi. Kwenye joto la mchana la Mombasa, damu nyingi huelekezwa kwenye ngozi na mapigo hupanda mapema. Kote kuwili mkimbiaji apunguze kasi na kufuata pumzi.

Anayekimbia kilomita nyingi hutosheka na mara moja au mbili kwa wiki, siku mbili nyepesi zikitenganisha. Baada ya wiki kadhaa huenda sekunde 88 zikampeleka kwenye mapigo 168 tu. Iwapo pumzi ni nafuu na miguu myepesi, amepiga hatua, na kasi inaweza kuongezwa kidogo. Iwapo mapigo yamegoma kupanda huku juhudi ikiwa kubwa na miguu mizito, huo ni uchovu uliolimbikizwa. Zoezi likatishwe hapohapo, na siku kadhaa zinazofuata ziwe za mbio nyepesi.