Sungura, Kisima na Maharage 40

Tuseme mko watatu. Mmoja amejifundisha kuandika programu kwa kompyuta ya kuazima, mwingine anachora, na wa tatu ni mchekeshaji anayejua hadithi zote za bibi yake. Mnataka kutengeneza gemu ya kwenu, yenye Sungura na Fisi. Je, mnaanzia wapi?

Wengi huanza na picha. Wanamchora Sungura vizuri sana, wanamfanya aruke juu ya mawe, halafu kila hatua ikiisha wanaandika methali kwenye kioo. Mchezaji anabonyeza kuipita bila kuisoma. Hapo methali imekuwa pambo tu, na ungeweza kumtoa Sungura ukaweka gari bila mtu kugundua. Methali inaingia kwenye gemu pale inapokuwa sheria ya mchezo. Hebu tuone kwa mfano mmoja.

Hadithi yenyewe

Unaikumbuka ile ya kisima? Ukame umeingia, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima, Sungura anakataa kushika jembe. Maji yanapatikana, naye anakuja usiku kuiba. Walinzi wanawekwa, anawadanganya mmoja baada ya mwingine. Mwisho Kobe anajificha majini na kumnasa. Inasimuliwa sehemu nyingi za Afrika, na kila mahali ina mwisho wake kidogo. Kwa hiyo muulizeni bibi: kwenu inaishaje?

Hadithi hii inafaa timu ndogo kwa sababu mambo yote yako mahali pamoja. Kioo kimoja, kisima kimoja, wanyama watatu, basi. Ukichagua hadithi ya safari ya falme saba, utachora hadi uchoke. Wenzetu wa Kiro'o Games wa Kameruni walitoa gemu kubwa ya aina hiyo, Aurion, mwaka 2016, lakini mradi wenyewe ulianza mwaka 2003!

Anzeni na karatasi

Msiwashe kompyuta bado. Chukueni karatasi, chora miraba 7 kwa 7. Mraba wa katikati ni kisima. Sungura ni kizibo cha soda, anaanzia kwenye kona. Fisi ni kizibo kingine, anazunguka ile miraba 8 inayokizunguka kisima, mraba mmoja kila zamu, na anaona miraba 2 iliyo mbele yake. Kila usiku pigeni kura Fisi aanzie wapi.

Sungura akitembea anakwenda mraba mmoja kwa zamu, wima au mlalo. Kutoka kona hadi kisimani ni zamu 6, kuteka maji zamu 1, kurudi zamu 6. Jumla 13. Jogoo anawika zamu ya 14, na akikukuta bado njiani, umeonekana. Kwa hiyo una zamu moja tu ya kujibanza Fisi apite.

Ikibidi kusubiri zaidi? Utakimbia, miraba 2 kwa zamu. Lakini ukikimbia Fisi anasikia kishindo, anaacha njia yake na kukusogelea miraba 2. Umeona? Haraka haraka haina baraka, na hatukuandika neno hata moja kwenye kioo. Mchezaji ataisema mwenyewe akishakamatwa.

Siku za mwizi

Sasa hesabu. Weka maharage 40 kwenye kopo, kwa sababu siku za mwizi ni arobaini. Kila usiku Sungura anachagua: aibe, au ashike jembe na kuchimba na wenzake. Akichimba anapewa kata 1 ya maji, kidogo kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Akiiba bila kuonekana anapata kata 3. Maharage yakiisha kabla hajajaza pipa lake, mchezo umekwisha.

Tuseme mmeanza hivi: pipa ni kata 30, kila usiku unakula haragwe 1, na kila kata ya wizi inakula haragwe 1 zaidi. Inaonekana ni haki, sivyo? Piga hesabu. Mchimbaji anajaza pipa kwa usiku 30, na maharage 10 yanabaki kopo. Mwizi hodari asiyeonekana hata mara moja anatumia maharage 4 kwa kata 3, kwa hiyo kata 30 zinamaliza kopo zima. Nani atahangaika kuiba? Kila mtu atachimba tu usiku 30, na atalala usingizi kabla ya kumaliza. Gemu imekuwa kilimo.

Rekebisheni hivi. Pipa liwe kata 50. Wizi usioonekana ule haragwe 1 tu, lakini ukionekana unakula maharage 4, na maji yote yanamwagika. Sasa anayechimba tu anaishia kata 40, pipa halijai. Lazima ujanja uingie. Je, ujanja kiasi gani?

Tazama usiku 3 wa wizi, mmoja ukaonekana. Umepata kata 6, umetumia maharage 1 na 1 na 4, yaani 6. Sawasawa kabisa na mchimbaji! Ukionekana zaidi ya hapo, jembe lingekufaa zaidi. Ukionekana mara 1 katika 4, unapata kata 9 kwa maharage 7, na hapo unamshinda mchimbaji. Mchezaji hapewi hesabu hii. Anaihisi kopo linapopungua, anaanza kujiuliza: leo niibe au nichimbe? Hilo swali ndilo gemu yenyewe.

Mtajuaje kama inafanya kazi?

Waiteni watu watano ambao hawajaiona. Waelezeni sheria mara moja, halafu mnyamaze. Hapo ndipo pagumu, maana utatamani kumwambia "usipite hapo!" Usiseme. Kila usiku andika J akichimba, W akiiba. Karatasi ikijaa J tupu au W tupu, hakuna cha kuchagua, rudini kwenye hesabu. Badilisheni namba moja tu kwa wakati, la sivyo hamtajua ipi ilisaidia. Mkiona J na W zimechanganyika, na mtu anaguna kabla ya kuchagua, mmefika.

Kobe anaingia mwisho. Maharage yakibaki 10, kila usiku mwenzako anaamua kwa siri kama Kobe alale kisimani au la. Ukiteka naye yumo, umenaswa na mchezo umeisha. Ukifika mraba wa jirani lazima akuambie kama unaona mapovu majini, nawe unaweza kurudi mikono mitupu.

Sasa kompyuta

Godot ni programu ya bure ya kutengenezea gemu, na kwa gemu ya kioo kimoja kama hii haihitaji kompyuta ya gharama. Moyo wa gemu yenu ni mistari hii:

```
if ameonekana:
    maharage -= 4
else:
    maharage -= 1
    maji += 3
```

Mchoraji ana wanyama watatu, kisima, kopo na pipa. Mchekeshaji anarekodi jogoo, kishindo na kicheko cha Fisi kwa simu. Maharage yaonekane kwenye kioo kama maharage, yasiwe namba, ili mtu aone kopo likiisha.

Na mwisho je, Sungura anaponyoka au ananaswa? Hapo fuateni jibu la bibi.