Marinibodi hufa nguzoni: hesabu ya fomu za kingo na nguzo

Katika maduka ya mbao ya Dar es Salaam, swali la kwanza la mnunuzi wa plaiwudi ya fomu ni bei, na la pili ni bodi itarudi kazini mara ngapi. Muuzaji atajibu kwamba bodi ya kawaida, isiyo na ngozi, itamwagiwa zege mara 3 hadi 5, na marinibodi, ile yenye ngozi nyeusi au ya kahawia, mara 10, 15 au hata 20. Majibu hayo si ya uongo, ila yamekatwa kutoka kwenye kazi inayoyapa maana. Bodi moja, ya kiwanda kile kile, inaweza kuvumilia mara 5 ukingoni mwa slabu bila kuchoka, na ikadaiwa mara 20 kwenye nguzo ndani ya jengo hilo hilo. Mkandarasi anayenunua kwa kugawanya jumla ya mita za mraba kwa namba ya muuzaji ananunua bodi nyingi mahali zisipohitajika na chache mahali zinapokufa. Hoja ya makala haya ni kwamba idadi ya matumizi ianze kuhesabiwa kwenye mchoro na ratiba ya jengo, kisha ndipo mtu aende dukani.

Tuchukue jengo la mfano lenye slabu 5 za juu, kila moja ikiwa na urefu wa mita 24, upana wa mita 15 na unene wa milimita 200, isiyo na boriti. Chini ya kila slabu kuna nguzo 28 za milimita 300 kwa 300, zenye urefu wa mita 2.8. Mzunguko wa slabu ni mita 78, kwa hiyo eneo la ukingo ni mita za mraba 15.6 tu. Nguzo za sakafu moja zina mita za mraba 94. Ukubwa wa kawaida wa bodi kwenye soko letu ni milimita 1220 kwa 2440, yaani karibu mita 3 za mraba, na unene wa milimita 18. Kwa hesabu ya haraka, ukingo unadai bodi 5 na kitu, na nguzo zote kwa mpigo bodi 32. Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo makosa huanzia, kwa sababu bodi haikatwi kwa mita za mraba. Inakatwa vipande.

Ukingo una bahati. Upana wa bodi hutoa vipande 6 vya milimita 200 na bado ukabaki milimita chache za kuliwa na meno ya msumeno. Mzunguko mzima unataka vipande 32 vya urefu kamili, kwa kuwa masalio ya upande mrefu yanaziba pengo la upande mfupi. Bodi 6 zinatosha, na vipande 4 vinabaki akiba. Lakini mhandisi akiongeza unene wa slabu kwa milimita 25 tu, bodi hutoa vipande 5 badala ya 6, na utepe wa pembeni unakuwa wa kutupa. Bodi zinapanda kuwa 7, ingawa kwenye jedwali la mkadiriaji majenzi hakuna kilichobadilika sana. Kwa desturi kingo fupi huandikwa kwa mita za urefu, hivyo mabadiliko hayo ya ukataji hayaonekani kabisa kwenye karatasi.

Nguzo hazina bahati hiyo. Fomu ya nguzo ya milimita 300 ina mbavu mbili za upana wa 300 na mbili zinazofunika unene wa zile za kwanza, hivyo zinakuwa na upana wa 336. Mbavu nne zikijumlishwa zinafika 1272, na bodi ina 1220. Kwa tofauti ya vidole vitatu, nguzo moja haitoki kwenye bodi moja. Zaidi ya hapo, nguzo ina mita 2.8 na bodi ina 2.44, kwa hiyo kila ubavu unahitaji kiraka cha sentimita 36 juu. Seremala mwenye hesabu hukata bodi za aina mbili: nyingine zote vipande vinne vya 300, nyingine vipande vitatu vya 336. Zile za pili huacha utepe wa milimita 203 hivi, ambao fundi mvivu huutupa motoni na fundi makini hutambua mara moja kuwa ni ukingo wa slabu ulio tayari. Kwa seti 7 za nguzo, zinazozunguka mara nne katika kila sakafu, ukataji huu unadai bodi 10, viraka vikiwemo, na unarudisha tepe 6 za ukingo. Vipande vya ukingo vya kununuliwa vinashuka kutoka 32 hadi 26, na bodi za ukingo kutoka 6 hadi 5.

Sasa tuangalie matumizi. Nguzo 28 kwa sakafu 5 ni miminiko 140. Seti 7 zikigawana miminiko hiyo, kila seti inafanya kazi mara 20. Ukingo unafanya kazi mara 5 tu, mara moja kwa kila slabu. Tofauti hii haitokani na ubora wa bodi, inatokana na mwendo wa kazi. Fomu ya wima huvuliwa siku inayofuata, na ya nguzo huhamia kwenye nguzo nyingine papo hapo. Ya ukingo nayo huvuliwa siku inayofuata, lakini haina pa kwenda hadi slabu ya juu iwe imefungwa nondo. Kuna pia tofauti ya mzigo. Zege bichi lina uzito wa karibu tani 2.4 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo nguzo ikijazwa kwa haraka hadi juu, chini yake ubao unasukumwa na nguvu inayokaribia tani 6.7 kwa kila mita ya mraba. Ukingo wa milimita 200 unasukumwa na chini ya nusu tani. Bodi ya nguzo inachoka kwa wingi wa safari na kwa uzito wa kila safari.

Tuweke bei za mfano: bodi isiyo na ngozi shilingi 50,000 na marinibodi shilingi 90,000. Kwenye ukingo, bodi 5 za bei rahisi zinagharimu 250,000 na zinamaliza jengo zima. Marinibodi mahali hapo zingegharimu 450,000 na kuondoka zikiwa na angalau nusu ya uhai wao. Kwenye nguzo hesabu inageuka. Bodi rahisi inayovumilia mara 5 italazimu kununua seti zote mara nne, bodi 40, shilingi milioni 2. Marinibodi inayovumilia mara 10 itanunuliwa mara mbili, milioni 1.8. Ikivumilia mara 20, bodi 10 zinatosha na gharama ni 900,000. Tofauti kubwa basi si kati ya bodi rahisi na bodi ghali. Iko kati ya marinibodi iliyofika mara 10 na ile iliyofika mara 20, na tofauti hiyo hutengenezwa kwenye kiwanja, si kiwandani.

Kinachoiua marinibodi mara nyingi si uso wake. Ni kingo zake. Ngozi ya fenoli inazuia maji usoni, lakini kila palipopita msumeno tabaka za ndani zimebaki wazi na zinanyonya maji ya zege. Kingo huvimba, milimita 18 zinakuwa 20 au zaidi, na pembe mbili za nguzo hazikutani tena. Maji ya saruji yanavuja pale, na nguzo inavuliwa ikiwa na pembe zenye matundu na kokoto zilizo wazi. Fundi anayepima unene wa kingo kwa rula kila baada ya mminiko ataliona tatizo kabla ya nguzo kuharibika. Kugonga uso kwa nyundo husaidia pia: mlio mtupu unaonyesha tabaka zimeachana, na hiyo huwa gundi dhaifu, ambayo angeweza kuigundua mapema kwa kuchemsha kipande kidogo kwa saa kadhaa kabla ya kununua shehena. Dawa ya kingo ni rangi ya mafuta mara mbili baada ya kila mkato, tundu la msumari likiwemo. Adui wa pili ni mtaimbo. Fomu iliyofungwa kwa kabari hufunguka kwa kugonga kabari, lakini iliyopigiliwa misumari huchomolewa kwa mtaimbo, na kila mchomo unaondoa kipande cha ngozi.

Wapo watakaosema kwamba nguzo zetu zinapigwa lipu, hivyo uso mbaya hauna hasara, pengine hata unasaidia lipu kushika. Kuhusu uso wenyewe wana haki, na ndiyo maana mkwaruzo hautoshi kuistaafisha bodi. Lakini lipu haizibi tatizo la pembe iliyovuja, kwa kuwa pembeni ndiko nondo kuu ziliko na zege lenye matundu haliwezi kuzikinga na kutu. Nguzo iliyovimba katikati nayo inadai lipu nene kwenye kuta zote zinazoigusa ili mstari unyooke, na saruji hiyo haimo kwenye bei ya fomu ingawa imesababishwa nayo. Kwa sababu hiyo hiyo, oili chafu ya gari kama kilainishi si akiba, kwani inaizuia lipu kushika kwenye zege.

Wengine watasema suluhisho ni fomu za chuma. Kwa mkandarasi ambaye nguzo zake ni za 300 kwa 300 leo, kesho na mwaka ujao, hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa chuma hurudi kazini mara nyingi kuliko plaiwudi yoyote. Lakini mbunifu akibadilisha nguzo kuwa 250 kwa 400 kwenye kiwanja kinachofuata, chuma hicho kinalala stoo na gharama yake, wakati ubao unakatwa upya. Wapo pia watakaouliza kwa nini tusinunue seti 14, kazi iende haraka mara mbili. Jibu ni kwamba idadi ya miminiko haibadiliki. Kama bodi zako huvumilia mara 10, jengo litakula takriban bodi 20 kwa vyovyote, na basi ni busara kuzinunua zote mapema na kuokoa siku. Kama zinavumilia mara 20, seti 14 zitabaki na nusu ya uhai mwishoni, na faida inategemea kama una kiwanja kingine kinachozisubiri.

Kinachofuata ni utaratibu ambao hauhitaji mtaji mpya. Marinibodi ziende kwenye nguzo kwanza. Kingo zifungwe kwa tepe za masalio na bodi rahisi, na kuanzia sakafu ya tatu, vipande vya ukingo vilivyovunjika vibadilishwe kwa mbavu za nguzo zilizostaafu, zikatwe na kupakwa rangi upya. Mkadiriaji aandike bei ya fomu ya nguzo na ya ukingo kwa idadi tofauti za matumizi badala ya wastani mmoja unaozidanganya zote mbili. Na msimamizi apige alama moja ya rangi mgongoni mwa kila ubavu baada ya kila mminiko. Baada ya jengo moja, mkandarasi atakuwa na namba yake mwenyewe ya bodi zake, mafundi wake na hali ya hewa yake, na ataweza kuingia kwenye zabuni inayofuata na bei anayoweza kuitetea.